Bote zimeisha, feza imekwisha kutumwa: namna ya kuvunja komande bila kuvunja uaminifu

Jumamosi mangaribi, vijana 12 wa shimo moja wanachanga feza. Maji yamejaa chini, bote za zamani zimepasuka, na Jumatatu asubuhi lazima wateremke tena. Kapita wao ameona picha kwenye WhatsApp: «Bote nguvu, namba 42, dola 8 peya moja.» Muuzaji yuko Goma. Kapita anaandika: «Mama, iko peya 12?» Jibu linakuja haraka: «Iko, papa. Tuma feza.» Anatuma. Na Jumapili mchana, wakati motari anajitayarisha kutoka Goma kupitia Sake ili apande huku kwetu, mama anafungua magunia, anahesabu, na kumbe bote za 42 ni peya 7 tu. Zile zingine aliziuza dukani asubuhi, bila kukumbuka kwamba picha ilikuwa ingali kwenye simu za watu.

Sisi hapa Muheto tunakijua kisa hiki kutoka pande zote mbili. Baba au kaka yuko kwenye kilima na ndiye anayefanya komande. Lakini mara nyingi mama au dada anauza pia: vikwembe, taa za kichwa, shitingi, samaki ya kukauka. Leo unadai bote zako, kesho ni wewe unayemwambia mtu kwamba mali haiko. Kwa hiyo tumetaka kuandika juu ya jambo moja tu: ukiwa muuzaji, na kosa ni lako, unavunja komande namna gani ili mtu huyo arudi kwako tena?

Kuvunja ni mapatano ya watu wawili

Wauzaji wengi wanawaza kwamba kuvunja komande ni kazi ya muuzaji peke yake: mali hakuna, basi, imekwisha. Sivyo. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, ile dekreti ya tarehe 30/7/1888 ambayo ingali inatumika, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa sawasawa ni kama sheria kwa wale walioyafanya, na hayawezi kuvunjwa ila kwa ukubaliano wao, au kwa sababu ambazo sheria yenyewe inazikubali. Mama aliposema «iko, tuma feza», na kapita akatuma, mapatano yalikuwa yamefungwa. Hakuna karatasi, lakini mesaji ziko, na mesaji ya feza iko.

Ndiyo sababu neno la kwanza la kuvunja ni swali: unataka tufanye namna gani? Siyo taarifa. Muuzaji anayeleta taarifa tu anamfanya mnunuzi ajione ameibiwa, hata kama feza itarudi yote. Anayeleta swali anampa mnunuzi nafasi ya kuchagua, na mtu aliyechagua mwenyewe hana kinyongo kikubwa.

Turudi kwa mama wa bote. Ana nafasi ya saa moja tu, kabla motari hajaondoka. Akikaa kimya na kutuma peya 7, akiwaza «nitaeleza baadaye», vijana watafungua gunia kwenye kilima na kuhesabu mbele ya watu wote. Watano watabaki miguu mitupu. Hapo hakuna maelezo yatakayosikilizwa tena. Hata motari atashukiwa, yeye ambaye hakugusa kitu. Lakini akipiga simu mbele ya safari, kosa ni kosa la hesabu tu.

Apige simu kwanza, kisha aandike, ili maneno yabaki. Mesaji nzuri ni fupi na ina mambo manne: ulilipa nini, kosa ni nini na ni la nani, unaweza kuchagua nini, na nitangoja jibu mpaka saa ngapi. Kwa mfano hivi:

«Jambo papa. Ni miye mama wa bote. Jana ulinilipa juu ya peya 12 ya namba 42. Nilihesabu mubaya, iko peya 7 tu. Kosa ni yangu. Chagua: (1) nitume 7 leo na nikurudishie feza ya 5, (2) nitume 7 ya 42 na 5 ya namba 43, kama kuko wenye inaweza kuenea, (3) tuvunje yote, nikurudishie feza yote leo. Motari anatoka saa nane. Unijibu mbele ya hapo, tafazali. Kama hujibu, sitatuma kitu.»

Angalia neno la mwisho. Kama mnunuzi yuko ndani ya shimo na simu haipiti, muuzaji asichague mahali pake. Mali ibaki, feza ibaki bila kuguswa, mpaka apatikane. Na tunaona kwamba mama hakuweka chaguo la «ungoja wiki ijayo zingine zije». Hilo liwekwe tu kama muuzaji ana tarehe ya kweli, yaani mali imekwisha kulipwa na iko njiani. Tarehe ya kubahatisha ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Feza inarudi yote, pamoja na ile iliyokatwa

Hapa ndipo uaminifu unapovunjika zaidi, na mara nyingi bila ubaya wa mtu. Muuzaji anasema: «Nilikurudishia feza yako.» Mnunuzi anasema: «Haikutosha.» Na wote wawili wanasema kweli.

Tufanye hesabu. Bei ya bote ni dola 96. Tuseme kapita aliongeza dola 2 ili mama aweze kutosha feza kwa ajenti bila kupoteza. Alituma dola 98. Tuseme tena kutuma kwenyewe kulimkata dola 1. Kwenye mfuko wa vijana zilitoka dola 99. Mama akirudisha 96, bei ya bote, vijana wamepoteza dola 3 tayari. Na kapita akienda kwa ajenti kuzitosha ili amgawie kila mtu sehemu yake, atakatwa tena. Kijana aliyetoa feza yake Jumamosi anapata pungufu Jumatatu, na bote hana. Atamuuliza nani? Kapita. Ndiyo hivyo kosa la Goma linaleta maneno kwenye shimo la Muheto.

Wakivunja yote, hesabu ya haki ni hii: dola 99 zifike mikononi mwa vijana. Ili wapate 99 baada ya ajenti kukata 2, mama anatuma 101, na yeye mwenyewe anakatwa 1 ya kutuma. Alipokea 98, anatoa 102. Amepoteza dola 4. Hiyo dola 4 ndiyo bei ya kutohesabu magunia mbele ya kusema «iko». Makato ya kweli yanategemea kampuni na kiasi cha feza, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Uliza mnunuzi: «Wewe mwenyewe ulitoa ngapi?» Irudi hiyo.

Wakichagua peya 7, mama anarudisha dola 40 za zile 5, na anaongeza kitu cha kutosha kwa ajenti, ili 40 ziwe 40 mkononi.

Kuna mambo mengine matatu madogo, lakini yanaletea watu shida. Feza irudi kwa aina ileile: simu zetu zina konti ya dola na konti ya faranga, na aliyelipa dola asirudishiwe faranga kwa bei ya kubadilisha ambayo muuzaji amejichagulia. Irudi kwa namba ileile iliyolipa: kama mesaji inakuja kusema «nirudishie kwa namba hii ingine, simu yangu imekufa», piga kwanza namba ya zamani na usikilize sauti. Wezi wanafuata sana mazungumzo ya namna hiyo. Na wewe mnunuzi, ujue kwamba kupokea feza hakuhitaji namba yako ya siri hata siku moja. Mtu anayekuomba namba ya siri «ili nikurudishie» hakurudishii, anakuibia.

Feza ikisha kwenda, muuzaji atume picha ya mesaji ya kampuni, ile yenye namba ya kitendo. Mama asiseme tu «nimetuma». Mtandao wetu unakatika mara nyingi, na ile namba ndiyo inayoonyesha kwa ajenti kama feza imepita ao ingali njiani.

Bei iliyoandikwa mubaya

Kosa la pili ni gumu zaidi, kwa sababu mali iko, bali bei siyo. Kwetu linatoka mahali patatu. Mtu anaandika «25» bila kusema dola ao faranga elfu. Mtu anaandika bei ya peya moja mahali pa doseni, ao kinyume. Ao kidole kinasahau zero.

Tuseme mama aliandika bote dola 8, wakati bei yake ni 10, na vijana wamekwisha kulipa peya 12. Tofauti ni dola 24. Hapa tunasema wazi: mama atume bote na abebe hasara. Dola 8 kwa bote ni bei ambayo mtu mwema anaweza kuiamini, hakuna aliyemdanganya. Abadilishe bei kwa wanaokuja nyuma, na amwambie kapita: «Hii bei ilikuwa kosa langu, ninakupa juu ulikwisha kulipa. Kuanzia leo ni 10.» Asimwombe kapita aongeze. Kuomba nyongeza nyuma ya malipo kunaitwa bei mbili, na habari ya bei mbili inafika kwenye kila kilima mbele ya bote kufika.

Kama hasara hiyo inaweza kumwangusha kabisa, kwa sababu ni peya 200 na siyo 12, anaweza kuomba kuvunja. Lakini iwe kuomba, na feza yote irudi kwanza, siyo ibaki mikononi mwake kama kamba ya kumvuta mnunuzi akubali bei mpya. Mnunuzi ambaye feza yake imeshikwa hayuko huru kuchagua.

Sasa tuseme ni motopompa ya kutosha maji ndani ya shimo. Bei ni dola 250, mama aliandika 25. Mtu anaona, analipa haraka dola 75 na kudai tatu. Je, mama amefungwa na neno lake?

Kesi moja kubwa ya namna hiyo ilitokea Singapuri, na mahakimu wa inchi nyingi wanaijua. Mwezi wa kwanza wa 2003, kampuni ya Digilandmall iliweka kwenye mtandao mashine za kuchapisha za HP kwa dola 66 za Singapuri, wakati bei ya kweli ilikuwa 3.854. Watu sita waliojuana walipashana habari usiku na kufanya komande ya mashine 1.606 kwa jumla. Kompyuta ya duka ikawajibu yenyewe kwamba komande imekubaliwa. Kampuni ilipoona kosa, ilikataa kutuma, na wale sita wakaishitaki. Walishindwa mwaka wa 2004, na tena mbele ya mahakama ya rufani mwaka wa 2005. Hakimu hakusema kwamba muuzaji anaweza kukosea anavyopenda. Alisema kwamba wale watu walijua kuwa bei ni kosa, na mtu hawezi kukamata kosa analolijua na kuliita mapatano.

Ile ni sheria ya Singapuri, siyo yetu. Lakini mzee yeyote wa soko angeamua namna hiyo. Mchimbaji anajua bei ya motopompa. Dola 25 hainunui hata mpira wake mrefu. Hapa mama anaweza kuvunja bila haya, kwa masharti mawili: avunje mara tu anapoona, siyo siku tatu baadaye, na arudishe zile 75 pamoja na makato yote, kwa sababu zero iliyopotea ilipotea kwenye kidole chake. Asimtukane mnunuzi. Kuna watu wanaolipa 25 kwa kuamini kweli kwamba ni mali ya kutumika ao imeharibika kidogo.

Kati ya bote na motopompa kuna bei nyingi za katikati. Njia yetu ya kupima ni swali moja: mtu anayeijua mali hii, akiona bei hii, angeshangaa ao angefurahi tu? Kama angefurahi tu, beba hasara. Kama angeshangaa na kuuliza «hii ni kweli?», basi kosa lilionekana, na kuvunja kunaeleweka.

Usibadilishe kimyakimya

WhatsApp inakuruhusu kusahihisha mesaji yako ndani ya dakika 15, na inaandika pembeni kwamba mesaji ilibadilishwa. Kusahihisha bei kama hakuna aliyejibu bado si kosa. Lakini kama mtu amekwisha kusema «nachukua», kubadilisha 8 kuwa 10 juu ya jibu lake ni kama kufuta alama kwenye mizani wakati mchanga ungali juu. Watu wamekwisha kupiga picha ya skrini. Andika mesaji mpya hapo chini: «Bei ya juu ilikuwa kosa. Bei ya kweli ni 10. Waliolipa mbele ya saa hii wanapata kwa 8.» Ndugu 100 wataisoma, na wote watajua kwamba kwako neno linakaa.

Uongo wa sababu nao ni mubaya zaidi kuliko kosa lenyewe. Kwenye masoko makubwa ya mtandao wa dunia wamelijua hilo zamani. eBay inapomruhusu muuzaji kuvunja komande, inamwomba achague sababu: mnunuzi aliomba, kuna shida ya adresi, ao mali imeisha ama imeharibika. Akichagua kwamba mali imeisha, inahesabiwa juu yake kama kasoro. Ndiyo maana kuna wauzaji wanaojaribiwa kuchagua «mnunuzi aliomba», na eBay inakataza uongo huo. Amazon nayo inawataka wauzaji wanaojitumia mali wenyewe wasipite asilimia 2,5 ya komande walizovunja wao. Yaani kwenye komande 100, mbili zinasamehewa, ya tatu inakupitisha mstari, na konti yaweza kufungwa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna nyota wala asilimia. Lakini hesabu iko, inafanyika kwenye vinywa. Ukisema «motari alipoteza», wakati bote hazikuwako, motari atasikia, maana anapita Muheto kila wiki. Ukisema «ni kapita aliyebadilisha mawazo», vijana 12 watakataa pamoja. Sema «nilihesabu mubaya». Neno hilo ni fupi, halina la kuongeza, na hakuna mtu wa kulikanusha.

Tena, mali ikiisha, toa picha siku ileile. Wenye WhatsApp Business wanaweza kuificha kwenye katalogi mpaka nyingine ije. Wenye WhatsApp ya kawaida waandike chini ya picha: «42 imeisha, imebaki 40 na 43.» Na kama unauza dukani na kwenye simu pamoja, tenga magunia mawili: la duka na la simu. Mtoto wa duka asiguse la simu. Mama wetu wa bote hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa na gunia moja na milango miwili.

Na mbele ya kuandika «tuma feza», inuka, fungua gunia, gusa peya zote 12 kwa mkono. Zifunge kamba, uandike jina la kapita juu yake. Inachukua dakika tano. Huko juu kwenye kilima, vijana 12 wanangoja Jumatatu, na maji ndani ya shimo hayapungui.